Dakika sita hazipo, na maneno mengine hayasikiki: naandikaje mahojiano ya mzee bila kubuni?

SomoeLindi · Jumatatu, saa 2:10 usiku

Habari za jioni wana jukwaa. Niko Lindi mjini, kazi yangu ni kusikiliza mahojiano yaliyorekodiwa na kuyaandika neno kwa neno. Nalipwa kwa dakika ya sauti, siyo kwa saa ninazokaa na hedifoni, kwa hiyo mjue nina haraka.

Sasa nina mzee mmoja wa upande wa Mtama. Anasimulia walivyotoka kwenye mashamba yao ya zamani wakaenda kukaa kijijini enzi za ujamaa. Anasimulia vizuri mno. Ila alirekodiwa Februari, barazani, chini ya bati, na mvua ya kwetu ya Februari mnaijua.

Nimekwama sehemu tatu. Ya kwanza ni dakika ya 14, sekunde ya 32. Mzee kaulizwa kama walilipwa chochote kwa mikorosho waliyoiacha. Anaanza kujibu, mvua inamwagika kama sekunde sita hivi, na ninachoambulia ni "mikorosho ile... tuk...lipwa... huo ndio ukweli wake." Nimeirudia mpaka masikio yanavuma.

Ya pili ni dakika ya 22. Anataja mwaka waliohama: "elfu moja mia tisa sabini na," jogoo akawika. Hapa mimi naona niandike sabini na nne tu, maana operesheni ya vijiji ilikuwa 1974, nani hajui.

Ya tatu, mahojiano yamekuja mafaili mawili. La kwanza linaisha mzee yuko katikati ya sentensi. La pili linaanza anamzungumzia mtu ambaye simjui katokea wapi. Walirekodi kwa simu, nasikia simu iliita.

Kuna na kipande cha sekunde arobaini kwenye faili la pili, huko nimeshaweka "haisikiki" nikaendelea.

Mteja anataka kazi Ijumaa na amesema nisijaze mabano, "isomeke vizuri." Mwenzangu ananiambia niweke nukta tatu kila penye shida. Nyie mnafanyaje?

---

Mkorosho_Mkuu · Jumatatu, saa 2:31 usiku

Dada unajitesa bure. Mimi nimekuwa katibu wa AMCOS huku Tandahimba miaka sita. Mkutano mkuu wa wanachama watu mia mbili, wanaongea watano kwa mpigo, wengine wamekasirika kwa ajili ya makato. Unaandika kilichoamuliwa. Usichosikia unaruka, mwisho wa siku kikao kijacho wanathibitisha muhtasari, kama kuna kosa wanasema. Sijawahi kuweka hayo mabano na hakuna aliyenilaumu.

---

SomoeLindi · Jumatatu, saa 2:40 usiku

Asante kaka, ila huo ni muhtasari. Mimi natakiwa niandike alivyosema mwenyewe, na hakuna kikao kijacho cha kumwambia mzee athibitishe.

---

FundiSpika_Masasi · Jumatatu, saa 3:05 usiku

Tatizo lako ni la ufundi, mabano hayahusiki. Lete hiyo klipu niisafishe. Fungua Audacity, chagua sehemu yenye mvua tupu bila mtu kuongea, nenda `Noise Reduction`, bonyeza `Get Noise Profile`, kisha chagua kipande chote uipitishe. Halafu kata sauti zote zilizo chini ya 100 Hz, ule mvumo wa upepo na mngurumo wa bodaboda unaondoka. Nimesafisha mawaidha na harusi kibao kwa njia hii. Hakuna sauti isiyosikika, kuna fundi asiyejua.

---

KaraniMstaafu · Jumatatu, saa 4:20 usiku

Mwanangu Somoe, nimeandika kutoka kwenye kanda za kaseti kwa miaka mingi hapa Mtwara kabla ya kustaafu na kurudi Mikindani. Ngoja nianze na mwaka, kwa sababu hapo ndipo ulipokaribia kuharibu kazi ya watu.

Unasema sabini na nne kwa kuwa "nani hajui." Huyo anayejua ni wewe. Mzee hajasema. Tena kwa huku kwetu kusini ujuzi huo wenyewe unateleza. Vita vya ukombozi vya Msumbiji vilianza 1964, Ruvuma iko pale, na watu wengi wa kusini walikusanywa vijijini mapema kuliko mikoa mingine, kabla hata agizo la mwishoni mwa 1973 la nchi nzima kuhamia vijijini halijatolewa. Kwa hiyo mzee wa Mtama anaweza kabisa kuwa alihama 1971 au 1972. Atakuja mtafiti anayetaka kujua Lindi ilihamia vijijini lini, atafungua karatasi yako, atakuta 1974, ataihesabu kuwa ushahidi wa mzee. Kumbe ni kitabu cha shule kimezungumza kwa mdomo wa mzee.

Sasa nikuulize. Kabla jogoo hajawika, baada ya "sabini na," kuna mwanzo wowote wa neno unaousikia? Sikiliza hapo tu, nusu sekunde, usisikilize sentensi nzima.

Na hizo sekunde arobaini ulizoweka "haisikiki," mzee anaongea nini hapo? Ni kelele au ni kitu kingine?

---

SomoeLindi · Jumatatu, saa 5:02 usiku

Shikamoo mzee. Nimerudia. Kuna sauti ya puani, kama "m" au "n," kisha jogoo. Kwa hiyo si ndiyo "nne"?

Na zile sekunde arobaini mzee anaongea kilugha na mke wake. Mimi kwetu Kilwa, Kimwera sikijui.

---

KaraniMstaafu · Jumanne, saa 1:15 asubuhi

Marahaba. Sauti ya puani inakusaidia kuondoa, haikusaidii kuchagua. Haiwezi kuwa tatu, tano, sita, saba wala tisa. Lakini "moja" inaanza puani, "mbili" inaanza puani, "nne" na "nane" vilevile. Umebaki na miaka minne. Andika hivyohivyo ulivyobaki, usipunguze:

```
MZEE: Tulitoka kule elfu moja mia tisa sabini na
[neno 1 limefunikwa na jogoo, 22:05; linaanza kwa
m au n: moja, mbili, nne au nane]
```

Msomaji hapo anajua zaidi kuliko angekuta "haisikiki" peke yake. Ndiyo maana nasema mabano si uchafu. Mabano mafupi yanayosema ni wapi, ni kwa muda gani, na ni kitu gani kimefunika, hayo yanampa mtu mwingine nafasi ya kurudi kwenye sauti akajaribu na masikio yake.

Kuhusu Kimwera, hapo umedanganya bila kukusudia. Ukiandika "haisikiki," mtu ataamini kwamba hakuna binadamu atakayeipata. Kumbe inasikika safi kabisa, mwenye lugha tu hayupo. Andika "anaongea Kimwera na mkewe, sekunde 40, haijaandikwa." Siku akipatikana Mmwera, kipande kinajazwa. Kilichozikwa chini ya "haisikiki" hakuna atakayekifukua.

Na hizo nukta tatu za mwenzako ziache kabisa. Mzee akinyamaza unaweka nukta tatu, akikatiza sentensi nukta tatu, usiposikia nukta tatu, ukiruka kwa makusudi nukta tatu. Mambo manne, alama moja. Baada ya wiki mbili hata wewe mwenyewe hutajua ipi ilikuwa ipi.

Mvua na mikorosho nitarudi mchana, hiyo inahitaji nafasi.

---

Hawa_Nachingwea · Jumanne, saa 3:48 asubuhi

Nimecheka ya Kimwera halafu nikaacha kucheka. Bibi yangu alirekodiwa na watu wa mradi fulani, tulipoletewa karatasi kila alipoongea lugha yake wameandika "[maneno yasiyoeleweka]." Bibi anaongea kitu chenye maana, wao ndio hawakuelewa, lakini ukisoma unadhani bibi alikuwa anaweweseka. Somoe kama mteja wako anaruhusu, mimi naweza kusikiliza hicho kipande. Jumamosi nakuja Lindi.

---

FundiSpika_Masasi · Jumanne, saa 6:10 mchana

Somoe alinitumia klipu ya mvua jana usiku kwa ruhusa ya mteja, sekunde ishirini tu. Nimeisafisha. Jibu hili hapa: "HATUKULIPWA." Inasikika kama kengele. Kazi imekwisha, andika.

---

KaraniMstaafu · Jumanne, saa 8:30 mchana

Fundi, kabla ya kuisafisha, Somoe alikwambia anadhani mzee alisema nini?

---

FundiSpika_Masasi · Jumanne, saa 8:41 mchana

Aliniambia swali lilikuwa la fidia, na kwamba yeye anahisi ni hatukulipwa. Lakini mimi nimesikia kwa masikio yangu mkuu.

---

KaraniMstaafu · Jumanne, saa 9:25 alasiri

Sibishani na masikio yako. Nabishana na mpangilio. Ukishaambiwa neno, kelele yoyote iliyofanana nalo italitamka. Somoe naye hali ni hiyohiyo, alishaandika makisio kwenye karatasi na sasa kila akirudia anayasoma huku akisikiliza. Mpe klipu mtu ambaye hajaambiwa chochote, mtu ambaye hata swali halijui, aandike alichosikia kabla ya kusema.

Na kusafisha kwenyewe. Kukata chini ya 100 Hz ni sawa kabisa kwa upepo na injini, kwa sababu sauti hizo zimekaa chini na mazungumzo yako juu yake. Hapo nakuunga mkono. Mvua juu ya bati si hivyo. Imetapakaa kuanzia chini mpaka juu, imelala palepale neno lilipolala. Programu ikitoa mvua inatoa na nyama ya neno, na inachobakiza kinakuwa na milio ya kutetereka, kama maji kwenye chupa. Milio hiyo sikio linaigeuza silabi. Kwa hiyo nakala iliyosafishwa itumike kutafuta fununu, lakini neno lolote lililopatikana huko lirudishwe kwenye sauti ya asili. Kama kule halipo hata baada ya kujua cha kutafuta, usiliandike kama limesikika. Na faili la asili lisiguswe. Likitumwa kwa Wasapu litumwe kama dokumenti.

Sasa neno lenyewe. Umesikia "tuk," kisha irabu huipati, kisha "lipwa." Hebu tazameni Kiswahili kinavyotufanyia hapa. Kama mzee alisema "hatukulipwa" na ile "ha" ikamezwa na mvua, kinachobaki ni "tukulipwa." Kama alisema "tukalipwa," ni "tukalipwa." Hata "tukilipwa" inaingia, kwamba kila walipolipwa kilitokea kitu fulani. Irabu moja, u au a au i, ndiyo inayotenganisha mtu aliyedhulumiwa, mtu aliyepewa haki yake, na mtu anayeanza kueleza jambo jingine. Na irabu hiyo ndiyo usiyoisikia.

---

FundiSpika_Masasi · Jumanne, saa 10:02 jioni

Haya mzee, lakini hapo hapo kuna kitu. "A" mdomo unafunguka, ina nguvu. "U" ni sauti ndogo. Kama ingekuwa "a" ingetoboa mvua. Haijatoboa, kwa hiyo ni "u." Hatukulipwa.

---

KaraniMstaafu · Jumanne, saa 10:20 jioni

Hoja nzuri, na ni kweli "a" kwa kawaida hubeba nguvu zaidi. Lakini mvua haipigi kwa kipimo kimoja, tone kubwa linaweza kuangukia irabu yoyote, na "i" nayo ni ndogo kama "u." Nakupa kwamba ni dalili. Dalili inaruhusu kutaja neno hilo kuwa mojawapo, hairuhusu kuliandika peke yake bila alama.

---

Stashahada_Njiani · Jumanne, saa 2:15 usiku

Samahani naingilia. Mimi nafanya utafiti wangu wa chuo hapa Mtwara, mahojiano kumi na mawili, na msimamizi wangu kanirudishia kazi kasema mabano yamezidi, inaonyesha nimerekodi vibaya. Nikayatoa yote nikaunganisha sentensi. Akasema sasa safi. Nani kakosea?

---

SomoeLindi · Jumanne, saa 2:22 usiku

Sentensi ulizounganisha ulikumbuka yalipokuwa mabano?

---

Stashahada_Njiani · Jumanne, saa 2:24 usiku

Hapana. Sikuhifadhi nakala ya kwanza.

---

KaraniMstaafu · Jumanne, saa 3:00 usiku

Pole mwanangu. Sauti zenyewe unazo? Basi hujapotea, utarudi kuzisikiliza, ingawa itakula siku zako. Msimamizi ana haki ya kutaka maandishi yanayosomeka. Hiyo inatatuliwa kwa nakala mbili. Moja kamili yenye kila alama, haitolewi kitu, inakaa pamoja na sauti. Nyingine ya kusoma, imepunguzwa, na juu yake imeandikwa kwamba imepunguzwa kutoka kwenye ile kamili. Kwenye nakala ya kusoma unaweza kuruka aya nzima yenye kelele kama haina kazi, ila penye pengo hapaunganishwi. Sentensi mbili zilizotengana kwa sekunde sita za mvua zikishonwa, zinazaa sentensi ya tatu ambayo mzee hakuitamka.

---

SomoeLindi · Jumatano, saa 4:10 asubuhi

Nimefanya alivyosema mzee Karani. Nimekata klipu ikaanza sekunde kumi kabla na kuisha kumi baadaye, ila nikaondoa swali la mhoji. Nikampa mdogo wangu, muuza duka jirani, na mama mmoja wa Mtama anayeishi hapa mtaani. Kila mtu peke yake, karatasi na kalamu, mara tatu tatu.

Mdogo wangu kaandika "tukalipwa." Muuza duka kaandika "tukulipwa" na akasema ni kama mtu anayeanza neno mbele. Mama wa Mtama kaandika "hatujalipwa," ambayo hata sikuifikiria. Halafu kasema kitu kizuri: mzee amepandisha sauti mwishoni, na wazee wa kwao wakikataa huwa wanapandisha hivyo. Lakini akasema pia wakishangaa hupandisha.

Nikatazama pia kasi ya mzee. Nimehesabu maneno kwenye dakika moja iliyo safi, yametoka 96. Ina maana kwa sekunde sita anaweza kusema maneno tisa au kumi. Mimi nilikuwa nimeshaandika kana kwamba lilikosekana neno moja tu! Hivi ndivyo nilivyoweka:

```
MZEE: Mikorosho ile [haisikiki 14:32–14:36, mvua]
tuk[?]lipwa [haisikiki 14:37–14:38, mvua] huo ndio
ukweli wake.
[Irabu baada ya "tuk" haisikiki. Wasikilizaji wanne
wametofautiana: tukalipwa, hatukulipwa, hatujalipwa.
Jibu la swali la fidia halijulikani kwa rekodi hii.]
```

Wa nne ni mimi mwenyewe, nimejihesabu pamoja na muuza duka.

---

Mkorosho_Mkuu · Jumatano, saa 4:35 asubuhi

Yaani siku mbili kwa "tuk." Na mnalipwa? Ila kweli ingekuwa ni malipo yangu ya korosho ningetaka muwe makini hivyohivyo.

---

KaraniMstaafu · Jumatano, saa 5:15 asubuhi

Vizuri sana. Mstari wa mwisho ndio wenye thamani. Mtu anayetafuta jibu la fidia anaambiwa wazi kwamba humu halimo. Ila "hatujalipwa" iwekee alama kwamba haiendani na "tuk" unayoisikia wewe. Usiitoe, sema tu.

Tuje kwenye pengo la simu. Niandikie majina ya mafaili kama yalivyo, na urefu wake.

---

SomoeLindi · Jumatano, saa 6:40 mchana

```
mzee01_20250218_101204.m4a    00:41:07
mzee02_20250218_105930.m4a    00:37:52
```

La kwanza linaishia: "Basi tukafika pale mtoni, tukakuta wenzetu wa" kisha kimya. La pili linaanza: "huyo naye alikufa zamani." Mhoji ananiambia kwa simu kwamba huyo ni balozi wa nyumba kumi, niandike jina lake tu.

---

KaraniMstaafu · Jumatano, saa 8:05 mchana

Tufanye hesabu polepole, maana hapa watu huandika "pengo dogo" wakaondoka.

Kama namba za mwisho kwenye jina ni saa faili lilipoanza, la kwanza lilianza 10:12:04, ukiongeza dakika 41 na sekunde 7 liliisha 10:53:11. La pili lilianza 10:59:30. Pengo ni dakika 6 na sekunde 19. Lakini programu nyingine za simu huandika saa faili lilipohifadhiwa, yaani mwisho. Tukichukua hivyo, faili la pili lilianza 10:21:38, na pengo linakuwa dakika 9 na sekunde 34. Kwa hiyo usitaje dakika kabla hujajua programu ile ina tabia gani. Mwambie mhoji arekodi dakika mbili kwa simu ileile, programu ileile, atazame saa ya ukutani akianza na akimaliza, kisha asome jina la faili. Na daftari lake linasemaje?

---

SomoeLindi · Jumatano, saa 12:30 jioni

Kajaribu. Jina linabeba saa ya kuanza. Na daftari lake limeandikwa "tumeanza saa nne na robo," inakubaliana. Kwa hiyo dakika sita.

Ila kuna kingine. Kwenye daftari, kwa muda ule simu ilipoita, kaandika mistari mitatu: "mto umefurika, wamelala ng'ambo, balozi kaugua." Si nijaze hiyo basi? Imeandikwa siku ileile.

---

KaraniMstaafu · Jumatano, saa 1:45 usiku

Iweke, lakini si kwenye mdomo wa mzee. Pengo lenyewe liwe hivi:

```
MZEE: Basi tukafika pale mtoni, tukakuta wenzetu wa
[REKODI IMEKATIKA. Mwisho wa faili 1, 00:41:07. Simu
iliita. Takriban dakika 6 hazikurekodiwa, kwa saa za
mafaili. Tazama daftari la mhoji, mwisho wa nakala.]
[FAILI 2, 00:00:00]
MZEE: huyo naye alikufa zamani.
```

Kisha mwisho kabisa unanakili mistari ile mitatu kama ilivyo, na unasema ni ya nani na iliandikwa lini. "Huyo" abaki "huyo." Mhoji anakumbuka ni balozi, na pengine ni kweli, lakini katika hizo dakika sita mzee anaweza kuwa amewataja watu watatu. Jina ukiliandika ndani ya sentensi, umemuua balozi kwa kalamu. Weka chini: "mhoji anasema, tarehe fulani, kwamba huyo ni balozi."

Enzi zetu kaseti ya dakika 90 ilikuwa ikifika 45 lazima igeuzwe, na mwanzoni mwake kuna kipande cha utepe kisichoshika sauti. Kila upande B ulianza na neno lililokatwa kichwa. Tulizoea kuandika "upande A umeisha," na hakuna bosi aliyeona ni uchafu. Simu hizi zimewafanya watu wadhani mazungumzo hayakatiki.

---

FundiSpika_Masasi · Jumatano, saa 2:20 usiku

Mzee nimekubali yaishe. Lakini swali: kwa nini wasirudi kwa mzee wakamuuliza tu? Mtama si Ulaya.

---

KaraniMstaafu · Jumatano, saa 2:50 usiku

Warudi, tena haraka. Ila wasimuulize "mzee ulisema hamkulipwa, sivyo?" Mzee mwenye adabu atakubali ili wageni wasiaibike. Wamsikilizishe klipu, wanyamaze. Na atakachosema ni mazungumzo mapya ya tarehe mpya, yanaandikwa kivyake. Hayarudi kuziba tundu la Februari.

---

SomoeLindi · Ijumaa, saa 11:20 jioni

Marejesho. Mhoji alikwenda jana. Mzee kasikiliza klipu ya mvua mara mbili, akacheka, akasema "sauti ni yangu, nilichosema sikumbuki." Halafu kaeleza upya kwamba kuna waliopewa kitu kidogo na kuna wasiopewa, kutegemea mikorosho ilikuwa imezaa au bado. Jibu hilo hakuna kati yetu aliyelikisia. Nimeliweka mwisho kwa tarehe yake, na ile "tuk[?]lipwa" nimeiacha palepale.

Mwaka, yeye kasema sabini na mbili. Mke wake kasema hapana, mtoto wao wa pili alikuwa ameshaanza kutembea, ni sabini na nne. Wakabishana mpaka mhoji akaaga. Nimeandika yote mawili na nani kasema lipi.

Mteja nimempelekea nakala mbili. Ukurasa wa kwanza nimeweka: sauti yote saa 1, dakika 18 na sekunde 59, pengo moja la takriban dakika 6, sehemu zisizosikika tisa, kipande kimoja cha Kimwera. Kajibu kwamba ya kusoma ni nzuri, ila ile ndefu "inaonyesha udhaifu wa mradi" na anafikiria kuwasilisha ya kusoma peke yake. Nimemwambia basi ule mstari wa juu unaosema imepunguzwa usitolewe. Hajajibu. Hela pia hajatuma.

---

Stashahada_Njiani · Ijumaa, saa 12:05 jioni

Mimi nimerudia mahojiano mawili kati ya kumi na mawili. Kwenye moja niliunganisha "bei ilikuwa nzuri" na "mwaka ule" kumbe katikati kuna dakika nzima ya mashine ya kusaga. Sijui alikuwa anasema mwaka gani. Naogopa kufungua la tatu.

---

Hawa_Nachingwea · Jumamosi, saa 10:15 jioni

Nimetoka kwa Somoe sasa hivi. Kipande cha Kimwera nimekipata karibu chote. Mke wa mzee anamwambia asiseme habari ya balozi mbele ya wageni, na mzee anamjibu kwamba amekufa, atamfanya nini. Somoe akaniuliza kama ni sawa kuiandika, maana mama yule hakujua kwamba simu bado inarekodi. Tumekubaliana mhoji awaulize kwanza wote wawili. Kwa sasa kimeandikwa "Kimwera, sekunde 40, kimesikilizwa, hakijatolewa hadi ruhusa ya wasemaji."

Ila kuna neno moja katikati sikulielewa, nadhani ni la zamani. Nalibeba kwa bibi Nachingwea, nitamsikilizisha bila kumwambia ninachodhani.